Jengo Lianzie kwenye Udhaifu wa Udongo Wake

Anayeomba nafasi ya kusomea usanifu majengo huulizwa ni jengo gani, au ni uwanja gani wa watu wote, uliomfanya aione kazi hiyo kwa jicho jingine. Jibu langu haliko Muhuta, tarafa yetu ya kando ya ziwa Tanganyika, ingawa ni kwa ajili ya Muhuta ninalitoa. Liko Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, mbali na ziwa, kwenye vilima vyenye baridi: maktaba yenye eneo la mita za mraba 140 hivi, iliyojengwa mwaka 2012 ikiwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi na wenzao wanaosikia. Walioiagiza ni ODEDIM, shirika la maendeleo la jimbo Katoliki la Muyinga. Walioichora ni wasanifu wa BC Architects wa Brussels. Picha zake zimezunguka dunia, na anayezitazama haraka huona nguzo nyekundu zilizopangwa kwa karibu, vigae, na ukuta wenye vitundu vinavyotoa mwanga jioni. Uzuri huo ni wa kweli. Lakini kilichonibadilisha ni kugundua kwamba karibu kila kinachopendeza pale kimetokana na jambo ambalo udongo hauliwezi. Nguzo, upenu na baraza vilikuja kuziba pengo, na hakuna kilichowekwa kwa ajili ya kamera. Hoja yangu ni kwamba pwani yetu, kuanzia Gitaza hadi Rumonge, inajengwa kwa kufuata njia iliyo kinyume: umbo huchaguliwa kwanza, kisha ardhi na maji huachiwa kazi ya kulisahihisha.

Tuanze na paa, maana ndilo lililoamua mengine. Wasanifu walitaka vigae vya udongo vinavyochomwa karibu na Muyinga, badala ya mabati yanayoagizwa kutoka nje. Uamuzi huo una uzito wake kwa maana halisi. Kigae cha udongo huweka juu ya kila mita ya mraba ya paa kilo 40 hadi 50 hivi. Bati jepesi huweka kilo 5 tu au pungufu. Tukichukua paa la mita za mraba 180, yaani sakafu pamoja na upenu wake, vigae peke yake vinakaribia tani 8, ilhali mabati hayafiki tani moja. Tani hizo lazima zishuke ardhini kwa kupitia ukuta wa matofali mabichi, nao ni mrefu. Ukuta wa namna hiyo hubeba vizuri mzigo unaoukandamiza kutoka juu, ila ni dhaifu sana ukisukumwa kutoka ubavuni. Ndiyo sababu zikawekwa nguzo kila baada ya mita 1 na sentimita 30. Nguzo hizo zinabeba boriti za mkaratusi zilizo chini ya vigae, na papo hapo zinauegemeza ukuta usiyumbe. Mpigo ule wa nguzo unaosifiwa katika magazeti ya usanifu ni hesabu ya mzigo iliyoachwa wazi ionekane. Msanifu angechagua bati, nguzo zingeweza kukaa mbali mbali, na jengo lingekuwa na sura nyingine kabisa.

Udhaifu wa pili ni maji. Tofali lililotumika pale halikuchomwa. Ni udongo wenye unyevu kidogo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine za namna hiyo zilianzia Kolombia katika miaka ya 1950, na za Muyinga zilikuwa mbili, zilizokuwa zimekaa na vumbi bila kutumiwa kwa miaka 15 hivi kabla ya mradi huu kuziamsha. Tofali likitoka ndani yake huwa na kingo safi na uso laini, na likikauka polepole kivulini, bila kupigwa na jua kali la siku za kwanza linalolipasua, hubeba kuta za jengo la ghorofa moja bila shida. Likilowa hadi ndani, nguvu zake hupotea, na lisipotiwa saruji hata kidogo hurudi kuwa tope. Kwa hiyo paa la maktaba limelazwa kwa mwinamo wa asilimia 35, yaani kila mita moja ya mlalo linapanda sentimita 35, na limetokezwa nje ya ukuta. Faida ya upenu huo inapimika. Mvua ikianguka ikiwa imelala nyuzi 20 tu kutoka wima, upenu wa mita moja hukinga ukuta karibu mita 2 na sentimita 75 kwenda chini. Upepo ukiilaza nyuzi 45, upenu ule ule hukinga mita moja tu, na kilichobaki kinapigwa. Ongeza matone yanayoruka kutoka ardhini na kuchafua sehemu ya chini ya ukuta kwa kimo cha goti, na utaelewa kwa nini nyumba nyingi za udongo huanza kufa miguuni: mstari mweupe wa chumvi, kisha ganda la juu kubanduka, kisha shimo linaloingia ndani mwaka hadi mwaka. Anayeona mstari huo ajue kwamba kosa haliko kwenye tofali. Liko kwenye msingi mfupi usio na mawe, au kwenye upenu uliokatwa ili kuokoa bati moja.

Jambo la tatu ndilo lililonifunza zaidi kuhusu watu. Kabla ya kuchora, wasanifu walikaa kama miezi miwili wakichunguza jinsi watu wa Muyinga na mikoa ya jirani wanavyojenga na wanavyoishi. Waliona kwamba katika nyumba za Burundi maisha mengi hupita chini ya upenu: kungoja mvua ipite, kupokea mgeni, kukaa. Hivyo upenu ambao udongo ulikuwa unaudai ukapanuliwa kwa makusudi, ukawa baraza refu lililo kama chumba cha pili cha maktaba. Milango iliyo kati ya nguzo inapitisha macho, na ikifunguliwa yote, ndani na nje huungana. Upande mmoja baraza linaishia barabarani, ambako mbao za kufungia huonyesha kwa wapita njia kama maktaba iko wazi leo. Hapa naona kitu ambacho watu wa Rumonge watakitambua mara moja. Nyumba ya Kiswahili ya pwani yetu, sawa na ya Ujiji au Buyenzi, huweka baraza lake mbele, likitazama njia. Nyumba ya vilimani huficha baraza lake ndani ya rugo. Maktaba ya Muyinga imesimama katikati ya tabia hizo mbili, na inaruhusu mlango wa barabarani kufungwa au kufunguliwa kulingana na saa. Kwa mtoto kiziwi faida ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye huita na huitwa kwa macho: kuona kutoka ndani ya chumba hadi uwanjani ndiyo njia yake ya kuwa pamoja na wengine. Na kwa watoto wadogo kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge ulioning'inizwa juu ya kona ya kusomea, wa kulala na kitabu. Nautaja kwa sababu ulifanywa kwa mikono ya watu wa pale pale, kwa ustadi wa wazee ambao ulikuwa haujawahi kuitwa usanifu.

Pingamizi la kwanza ni la watu wanaojenga kweli, nami naliheshimu. Wanasema tofali la kuchoma na saruji vimejaribiwa, fundi wa kila kilima anavijua, na mvua haiviyeyushi. Yote hayo ni kweli. Lakini tofali la kuchoma lina bei ambayo haiandikwi kwenye hesabu ya mwenye nyumba. Tanuri la kienyeji huchomwa kwa kuni kwa siku kadhaa, joto kubwa hupotelea hewani, na matofali ya pembeni hutoka yakiwa hayajaiva wakati ya katikati yameungua hadi kupinda. Kuni hizo hutoka kwenye miti iliyopaswa kushika udongo wa miteremko, na mfinyanzi huchimbwa mabondeni, kwenye ardhi nzuri ya kulima. Nchi yenye vilima vikali na msongamano mkubwa wa watu hulipa gharama hiyo mara mbili: kwanza kwa kuni, kisha kwa mmomonyoko. Hata maktaba ya Muyinga haikukwepa moto kabisa, kwa maana vigae vyake vilichomwa. Na mkaratusi wa boriti zake ni mti unaolaumiwa kwa kuudhoofisha udongo unapopandwa ovyo. Tofauti ni kwamba moto ulipelekwa mahali ambapo hapana njia nyingine, juu ya paa panaponyeshewa, na ukuta ulio kavu ukaachwa bila moto. Huko ndiko kupima, na ndiko ninakotaka kujifunza.

Pingamizi la pili ni kwamba udongo unanuka umaskini. Mzazi aliyekulia kwenye nyumba ya fito na tope hataki shule ya mwanawe irudi kwenye tope. Hisia hiyo haina dharau ndani yake. Inatokana na nyumba zilizoanguka kweli. Lakini zilianguka kwa sababu zinazojulikana: udongo haukupimwa, haukushindiliwa, msingi haukuinuliwa, upenu ulikuwa mfupi. Kupima udongo hakuhitaji maabara ili kuanza. Chukua udongo wa chini, ule ulio chini ya tabaka jeusi lenye mizizi, uutie ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji, utikise, uache utulie hadi siku ya pili: mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, na utaona kwa jicho kama mfinyanzi ni mchache kiasi cha kutoshikana au ni mwingi kiasi cha kupasuka. Kisha ulowanishe kidogo, ufinyange donge kiganjani, ulidondoshe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vichache, unyevu unafaa kwa mashine. Likitawanyika kama vumbi, ni kavu mno. Likibaki bapa bila kuvunjika, limelowa mno, na tofali lake litasinyaa na kupasuka. Hayo ni maarifa ya siku mbili, ingawa kuyasimamia kila asubuhi kwa miezi ya kazi ni jambo gumu, na hapo ndipo miradi mingi ya matofali ya kushindilia hufa. Mashine mbili za Muyinga zilizolala miaka 15 zinathibitisha kwamba chuma hakitoshi. Anahitajika fundi anayeshika donge kila siku na mwenye ruhusa ya kukataa udongo mbaya.

Wapo pia watakaouliza kwa nini Warundi wafunzwe udongo wao na wasanifu wa Ubelgiji. Swali ni la haki, na historia inalipa nguvu. Jibu langu ni kwamba ujuzi wa baraza, wa kamba na wa kupanga mawe ulikuwa wa Muyinga. Wageni waliuuliza, wakauhesabu, wakauchora. Aibu ingekuwa kama tungeacha kuhesabu na kuchora viendelee kuwa kazi ya wageni. Ndiyo maana naomba kusomea fani hii.

Sasa tuilete maktaba Muhuta, na hapa wengi wanaoisifu wangekosea, kwa sababu wangeibeba jinsi ilivyo. Tarafa ya Muhuta ni ukanda mwembamba wa Imbo uliobanwa kati ya ziwa na miteremko ya Mumirwa. Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, inapita katikati, na sehemu nyingi haina upana wa kutosha pande zote mbili. Maji yana njia mbili za kuingia. Yanatoka chini, ziwa linapopanda: tangu mwishoni mwa muongo uliopita Tanganyika limepanda likaingia kwenye nyumba na vitega uchumi vya pwani, kuanzia Gatumba hadi Rumonge, na ng'ambo ya mpaka huko Kigoma. Yanatoka juu, mvua inapolainisha kilima: mwaka 2015 ardhi iliporomoka Gitaza, ikaangusha nyumba na kuikata barabara. Tofali la udongo la Muyinga likisimama kwenye maji ya ziwa kwa wiki moja tu ni mwisho wake. Kulitia saruji asilimia 5 hadi 8 kungelifanya livumilie mvua na kulowa kwa muda, lakini hata hivyo halifanyi kazi ya msingi unaokaa majini. Anayetaka kujenga kwa udongo hapa inampasa kwanza akubali kwamba sehemu ya ardhi haijengeki kwa kitu chochote, udongo wala zege. Ziwa hili limewahi kufika juu zaidi ya tunavyoliona leo: katika karne ya 19 lilipanda hadi likafurika kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka ya 1960, baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, likapanda tena. Kiwango hicho cha juu kinachokumbukwa ndicho kingepaswa kuchorwa kwenye ramani kabla ya mstari wa kwanza wa jengo.

Kwenye mteremko, Muyinga ina funzo ambalo halitajwi sana. Ukuta wa uwanja wa maktaba ulijengwa kwa mawe bila saruji, ukiwa mfupi upande wa viwanja vya shule na mrefu upande wa barabara, na unashikilia ardhi iliyokatwa ngazi. Ukuta wa mawe makavu unapitisha maji katikati ya mawe yake. Ule wa mawe na saruji, usipoachiwa matundu ya kutolea maji, huyakusanya nyuma yake, na baada ya mvua ya siku mbili kinachousukuma si udongo tena bali maji, ambayo hayachoki. Dalili huonekana mapema: ukuta kutunga tumbo katikati, ufa wa mlalo, ardhi ya juu kuanza kutitia nyuma yake. Lakini nisizidishe sifa. Ukuta mkavu unafaa kwa kimo cha mita moja au zaidi kidogo, na unazuia mmomonyoko wa juu juu. Kilima kinachoteleza kwa kina, kama kile cha Gitaza, hakizuiwi na ukuta wa bustani. Miti iliyoinama upande mmoja, nyufa za upinde juu ya mteremko, na chemchemi mpya chini yake ni sababu za kuhamisha jengo zima, hata kama shamba limekwisha kulipiwa.

Tena kuna joto, ambalo Muyinga, iliyo juu kwa karibu kilomita moja zaidi ya ziwa, haikulazimika kupambana nalo kama sisi. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Mahali penye usiku wa baridi hilo ni baraka. Kando ya ziwa, ambako usiku haupoi sana, ukuta huo huo ukiwa umechomwa na jua la alasiri kutoka upande wa ziwa utamnyima usingizi anayelala ndani. Kwa darasa, maktaba au chumba cha kungojea katika zahanati, vinavyotumika mchana na kufungwa jioni, unene wake unafaa. Kwa chumba cha kulala ningeuepuka upande wa magharibi, ama niufunike kwa baraza pana. Hesabu ya upenu nayo hubadilika, kwa sababu upepo wa ziwa huilaza mvua kuliko ilivyo kwenye bonde lililokingwa. Upenu wa mita moja unaotosha kwingine hapa utaacha nusu ya ukuta ikilowa. Baraza la Muhuta basi lingepaswa kutazama ziwa na kuwa na kina cha mita 2 na nusu au zaidi: jua la alasiri na mvua ya ulalo vingeishia humo, na watu wangekaa humo humo kama wanavyokaa sasa.

Nikipewa kiwanja cha kufikirika juu ya barabara, Gitaza, kwa ajili ya chumba cha kungojea cha kina mama na watoto, ningeanza na mambo haya kwa mpangilio huu. Kwanza kuupanda mteremko na kutafuta nyufa. Kisha kuuliza wazee maji ya ziwa na ya kijito yaliwahi kufika wapi. Kisha chupa ya udongo. Msingi ungekuwa wa mawe hadi juu ya goti, na kati ya mawe na tofali pangelazwa karatasi ya nailoni ili unyevu usipande. Juu yake ukuta wa matofali ya kushindilia, wenye vitundu karibu na paa vya kutolea hewa moto. Kuhusu paa sina uhakika kwamba kigae kingeshinda. Tani 7 za ziada juu ya mteremko ambao hauaminiki ni hoja nzito ya kurudi kwenye bati, lililoinuliwa juu ya dari ya mikeka ili hewa ipite katikati. Likichaguliwa bati, nguzo zingeachana, na baraza lingefunguka kuelekea ziwani kwa nafasi za mita 2 au 3. Jengo hilo lisingefanana na maktaba ya Muyinga hata kidogo, na asiyesoma hesabu zake asingejua kwamba majengo hayo yana ukoo mmoja.